Dhoruba ya "Jibu Wote": namna ya kunyamazisha uzi wa barua pepe bila kupoteza barua unayoihitaji

Tuseme asubuhi taarifa imetumwa kwa anwani moja ya kundi, `wote@example.org`, yenye watu 3,000 nyuma yake. Kichwa chake ni "Fomu mpya ya likizo". Dakika chache baadaye mtu anajibu: "Naomba mniondoe kwenye orodha hii, hainihusu." Amebonyeza `Reply all`, kwa hiyo ombi lake limewafikia wote 3,000. Wa pili anaandika "Na mimi pia." Wa tano amekwisha kukasirika: "Jamani, acheni kuwajibu watu wote!" Naye amewajibu watu wote.

Majibu 40 tu ya aina hiyo ni barua 120,000 za kusambazwa na seva. Ongeza walio likizo waliowasha majibu ya kiotomatiki: kila anayejibu kundi anarudishiwa lundo la "Sipo ofisini hadi Jumatatu".

Mambo haya yamezilemea hata taasisi zenye mitambo mikubwa. Tarehe 14 Oktoba 1997, ndani ya Microsoft yenyewe, barua kwa orodha iliyoitwa Bedlam DL3, yenye watu wapatao 13,000, ilizaa barua zinazokadiriwa kufika milioni 15. Tarehe 14 Novemba 2016, katika huduma ya afya ya Uingereza, NHS, barua ya majaribio ilifika kwenye akaunti zaidi ya 800,000, na majibu yake yakazalisha barua zilizokadiriwa kuwa milioni 500 kwa muda wa saa moja na robo hivi. Waliojibu walikuwa wachache mno ukilinganisha na waliopokea. Kinachotisha ni ule mzidisho.

Nimeandika mwongozo huu hasa kwa mtu aliyekaa upande wa kupokea, simu inalia kila sekunde na kazi imesimama. Mwishoni kuna sehemu ya aliyetuma na ya msimamizi wa mfumo.

## Kabla ya yote, usijibu

Adabu ni sababu mojawapo, lakini ipo nyingine ya kiufundi ambayo wengi hawaijui. Ukiwa umekaa kimya, jina lako halionekani popote kwenye barua hizo. Kwenye mstari wa `To` kuna anwani ya kundi tu, na wewe umo ndani yake. Ukishajibu, anayekujibu kwa `Reply all` anaibeba anwani yako binafsi pamoja na ile ya kundi. Tangu hapo programu yako inaziona barua hizo kama zimeandikwa kwako wewe hasa. Pengine utazipokea mara mbili mbili, moja ikija moja kwa moja na nyingine ikipitia kundi. Na baadhi ya mipangilio ya kunyamazisha, kama tutakavyoona, huzipisha barua zenye jina la mtu. Kwa hiyo anayeandika "acheni" ndiye atakayepata shida zaidi kujinyamazishia uzi.

Usibonyeze pia kitufe cha kuripoti barua taka. Waliojibu ni wenzako, na kwa kufanya hivyo unaufundisha mfumo kuwa barua zao ni taka. Wiki ijayo utaitafuta barua ya mkuu wako na kuikuta kwenye folda ya taka. Kujiondoa kwenye kundi zima nako ni hasara, maana taarifa za kweli zitakazofuata hazitakufikia.

## Programu inautambuaje uzi

Ukinyamazisha, unaunyamazisha uzi mmoja, yaani mlolongo wa barua moja na majibu yake. Kundi linabaki wazi, na waandikaji pia. Inafaa basi kujua programu inaamuaje kwamba barua hii ni ya uzi ule.

Kila jibu hubeba mistari miwili iliyofichwa, `In-Reply-To` na `References`, inayotaja barua iliyotangulia. Programu nyingi huisoma mistari hiyo, na baadhi, Gmail ikiwemo, hutazama pia kichwa cha barua. Mtu akijibu na kubadilisha kichwa kutoka "Fomu mpya ya likizo" kuwa "ACHENI!!!", Gmail huanzisha uzi mpya. Gmail ina kikomo kingine: uzi ukifikisha barua 100 hukatika na kuanza mwingine. Siku ya kawaida hutaligundua hilo. Siku ya dhoruba, barua 100 zinaweza kutimia kabla ya saa kuisha, na ule uliounyamazisha ukaibuka tena kikashani kama uzi mgeni. Hapo usidhani kitufe hakikufanya kazi. Unyamazishe na huo mpya, au utumie kichujio nitakachokieleza hapa chini.

Jambo la pili la kujua ni mahali barua zilizonyamazishwa zinapokwenda. Neno kwenye kitufe linaweza kufanana, lakini programu moja inazificha, nyingine inazifuta, na nyingine inazima mlio tu huku barua zikiendelea kujaa. Watu hupoteza barua muhimu kwa kutojua tofauti hii.

## Gmail: barua zinafichwa, hazifutwi

Kwenye kompyuta, fungua uzi, bonyeza vitone vitatu vya juu, kisha chagua `Mute`. Kama njia za mkato za kibodi zimewashwa, herufi `m` inatosha. Kwenye simu, fungua uzi, gusa vitone vitatu kwenye kona ya juu, chagua `Mute`. Uzi unatoka kikashani, na majibu mapya yanaingia moja kwa moja kwenye `All Mail` bila kukusumbua.

Kuuona tena, andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
is:muted
```

Nyuzi zote ulizozinyamazisha zitajitokeza, hata za mwaka juzi. Ukitaka kuurudisha mmoja, ufungue, rudi kwenye vitone vitatu, chagua `Unmute`, kisha uhamishie kikashani.

Kikomo chake ndicho nilichokigusia: barua yenye anwani yako binafsi kwenye `To` au `Cc` inaweza kuurudisha uzi kikashani. Kwa aliyekaa kimya huo ni msaada, kwa sababu mtu wa rasilimali watu akikuuliza jambo lako ndani ya uzi huohuo, utaliona. Kwa aliyejibu, ni mlango uliobaki wazi.

Iwapo nyuzi zinaendelea kuzaliana, tengeneza kichujio. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
to:wote@example.org subject:"fomu mpya ya likizo"
```

Kwanza tafuta tu, uone kinachojitokeza ndicho ulichokikusudia. Kisha fungua chaguo za utafutaji pembeni mwa kisanduku, bonyeza `Create filter`, weka alama kwenye `Skip the Inbox (Archive it)` na kwenye `Apply the label`, na uipe lebo jina kama "Dhoruba". Usichague `Delete it`. Kutumia maneno ya kichwa pamoja na anwani ya kundi kuna maana yake: ukiweka anwani ya kundi peke yake, tangazo la kesho nalo litafichwa. Na yule aliyeandika "ACHENI!!!" anahitaji kichujio chake, au uunyamazishe uzi wake kwa `Mute`.

## Outlook: jihadhari na `Ignore`

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Kitufe cha Outlook kinachofanana na kunyamazisha kinaitwa `Ignore`. Kwenye Outlook ya zamani ya Windows kipo kwenye kichupo cha `Home`, karibu na `Delete`, na njia yake ya mkato ni `Ctrl+Del`. Kwenye Outlook ya kivinjari, bonyeza uzi kwa kitufe cha kulia cha kipanya utakikuta kwenye orodha.

Kinachotokea ni kwamba uzi wote, pamoja na kila jibu litakalokuja, unahamishiwa `Deleted Items`. Huko ni kufutwa. Kama ofisi yenu imepanga folda hiyo isafishwe kila baada ya muda, barua zitatoweka kabisa. Na `Ignore` haichagui: jibu lililoandikwa kwako peke yako ndani ya uzi huo nalo linakwenda hukohuko.

Turudi kwenye fomu ya likizo. Saa tano asubuhi, katikati ya kelele, ofisi iliyotuma taarifa inaandika ndani ya uzi uleule: "Samahani, fomu tuliyoambatisha ilikuwa ya zamani. Sahihi ni hii hapa, irudishwe kabla ya Ijumaa." Aliyetumia `Mute` ya Gmail ataikuta akitafuta neno "likizo". Aliyebonyeza `Ignore` ataikuta tu akikumbuka kuchungulia kwenye vilivyofutwa, na awahi.

Ushauri wangu: tumia `Ignore` kwa uzi ambao una hakika hauna lolote lako, mathalani barua ya majaribio iliyotumwa kwa bahati mbaya. Kwa taarifa yenye kazi ndani yake, tengeneza kanuni. Kwenye Outlook ya kivinjari:

1. Fungua `Settings`, kisha `Mail`, kisha `Rules`, ubonyeze `Add new rule`.
2. Kwenye sharti, chagua `Subject includes` na uandike maneno ya kichwa, "Fomu mpya ya likizo". Usiandike `Re:`; kanuni inatafuta maneno hayo popote ndani ya kichwa.
3. Kwenye tendo, chagua `Move to` na folda uliyoiunda kwa ajili hii. Unaweza kuongeza `Mark as read` ili namba ya barua zisizosomwa isipande.
4. Bonyeza `Add an exception`, uchague `I'm on the To line`.

Hatua ya nne ndiyo yenye thamani. Barua za dhoruba zinakuja kwa jina la kundi, wewe humo kwenye `To` kwa jina lako, kwa hiyo zinahamishwa. Anayekuandikia wewe binafsi anapita na kufika kikashani. Kanuni hii inafanya kazi kwenye seva, kwa hiyo simu yako nayo inanyamaza ingawa hujaigusa.

Ikiwa tayari umebonyeza `Ignore` na unajuta, nenda `Deleted Items`, uchague uzi, ubonyeze `Ignore` tena. Utaulizwa, nawe uchague `Stop Ignoring Conversation`. Uzi utarudi kikashani.

## Mail ya Apple na Thunderbird

Kwenye iPhone, telezesha uzi kuelekea kushoto, gusa `More`, kisha `Mute`. Alama ya kengele iliyokatwa itajitokeza. Mlio unazimika, lakini barua bado zinakuja. Hatima yake inategemea mpangilio uitwao `Muted Thread Action`, ulio ndani ya mipangilio ya Mail: unaweza kuagiza barua za uzi ulionyamazishwa ziwekwe alama ya kusomwa, au uchague `Archive or Delete`, ambayo huziweka kwenye kumbukumbu au kuzifuta kulingana na mpangilio wa akaunti yako. Chagua hiyo ya pili, ukihakikisha kwanza kwamba akaunti yako huweka kwenye kumbukumbu badala ya kufuta. Ukiiacha kwenye kusomwa, kikasha kitaendelea kujaa hata kama simu imetulia.

Thunderbird ni rahisi kuliko zote: simama juu ya barua, bonyeza `K`, uzi mzima unafichwa na majibu yajayo yanahesabiwa yamesomwa. `Shift+K` inaficha tawi moja tu la uzi, ambalo ni msaada mkubwa pale watu wawili wanapogombana ndani ya mazungumzo unayoyahitaji. Kuziona tena, fungua menyu ya `View`, `Threads`, na uchague `Ignored Threads`.

## Kama wewe ndiye uliyetuma

Kishawishi cha kwanza ni kuandika tena kwa wote: "Tafadhali msijibu." Barua hiyo ni jibu jingine kwa watu 3,000, na kila atakayeijibu anaongeza wimbi. Kishawishi cha pili ni kuirudisha barua kwa `Recall`. Hata ikifanikiwa kuiondoa barua yako, majibu ya wengine yamekwisha kutoka na yanaendelea kuzaa mengine.

Mpigie simu msimamizi wa mfumo. Mwambie mambo matatu: anwani ya kundi, kichwa cha barua, na saa uliyotuma. Kwa hayo anaweza kulifunga kundi ndani ya dakika moja. Akishalifunga, utaendelea kuona barua zikiingia kwa muda, maana kuna zilizokuwa kwenye foleni ya seva. Tazama saa ya kutumwa iliyoandikwa juu ya kila barua. Kama zote zilitumwa kabla ya kufungwa, ni mabaki ya foleni yanayomalizika. Ukiona iliyotumwa baada ya hapo, kufuli halijashika, au watu wanatumia anwani nyingine ya kundi.

Kwa taarifa inayofuata, anwani ya kundi iwekwe kwenye `Bcc`, na kwenye `To` uweke anwani yako mwenyewe. Anayebonyeza `Reply all` atakujibu wewe tu, kwa kuwa programu yake haioni kundi. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya mifumo ya orodha, kama Mailman, inaweza kuizuia barua ambayo anwani ya orodha haionekani kwenye `To` au `Cc`, ikasubiri idhini ya msimamizi. Vilevile vichujio vya watu vinavyotafuta jina la kundi kwenye `To` havitaikamata.

Wapo wanaotegemea `Reply-To` pekee. Haitoshi. Mstari huo unaelekeza jibu la kawaida, lakini `Reply all` huchukua `Reply-To` na pia kila aliyeko kwenye `To` na `Cc`. Kundi likiwa kwenye `To`, litapokea tu.

## Kwa msimamizi wa mfumo

Dawa ya kweli ni kuamua nani ana ruhusa ya kuandika kwa kundi kubwa. Kwenye Exchange Online, amri ni moja:

```
Set-DistributionGroup -Identity "wote" -AcceptMessagesOnlyFromSendersOrMembers "mawasiliano@example.org"
```

Baada ya hapo mtu mwingine akijibu wote, kundi linaikataa barua yake na yeye anarudishiwa taarifa ya kushindwa. Kwenye Google Groups, mpangilio unaolingana na huo ni ule wa nani anaweza kuchapisha: uache kwa wasimamizi pekee. Mailman ina swichi ya dharura, `emergency`, inayosimamisha kila barua ya orodha ikisubiri kuidhinishwa. Iwashe dhoruba inapoanza, na ukumbuke kuizima.

Exchange Online ina pia kinga ya kujiendesha, iliyoanza kutolewa mwaka 2020. Mipangilio yake ya kawaida inaweza kuandikwa hivi:

```
Set-TransportConfig -ReplyAllStormProtectionEnabled $true `
  -ReplyAllStormDetectionMinimumRecipients 2500 `
  -ReplyAllStormDetectionMinimumReplies 10 `
  -ReplyAllStormBlockDurationHours 6
```

Maana yake ni kwamba uzi wenye wapokeaji 2,500 au zaidi ukipata majibu 10 ya kuwajibu wote ndani ya saa moja, majibu yanayofuata kwenye uzi huo yanazuiwa kwa saa 6. Kwa kundi letu la watu 3,000, jibu la 11 halingetoka, na barua 120,000 zingekomea kama 30,000. Idadi ya wapokeaji inaweza kushushwa hadi 1,000, na majibu hadi 2. Chini ya 1,000 haishuki, kwa hiyo kundi la watu 900 linaweza kupigana siku nzima bila kinga hii kuamka. Makundi ya ukubwa huo yanalindwa na ruhusa ya kuandika tu.

Kinga hiyo inazuia pia majibu ya halali. Ofisi iliyotuma fomu ya zamani, ikitaka kusahihisha, isijibu ndani ya uzi uliofungwa. Ianze barua mpya yenye kichwa kipya, na msimamizi aipitie kwanza.

## Kelele zikiisha

Siku moja au mbili baadaye, rudi kwenye uzi uliounyamazisha. Gmail tafuta `is:muted`; Outlook fungua folda ya kanuni yako, na `Deleted Items` kama ulitumia `Ignore`. Usisome zote. Panga kwa jina la mtumaji, usome tu za mtu aliyeanzisha taarifa na za ofisi yake. Katika mfano wetu, hapo ndipo utakapokutana na fomu sahihi ya kurudishwa kabla ya Ijumaa.

Kisha ifute kanuni au kichujio ulichotengeneza. Mwakani taarifa nyingine itakuja na kichwa kilekile, "Fomu mpya ya likizo", na kanuni iliyosahaulika itaipeleka kimyakimya kwenye folda usiyoifungua.